Kuandika Upya Ukoo Baada ya Picha ya Chati Kupotea

Chati ya ukoo wetu ilichorwa kwenye karatasi kubwa na mjomba wangu wa Kibokoni, nasi tuliobaki tulikuwa na picha yake tu, ambayo ilipotea pamoja na simu iliyoihifadhi, wakati karatasi yenyewe ilikwisha liwa na mchwa. Nilipoombwa niichore upya nilikataa kuchora, nikaandika orodha ya maneno badala yake, kwa sababu orodha hutumwa kwa ujumbe wa kawaida, hunakiliwa kwa mkono, na hata mtu asiyeiona chati anaweza kusomewa akaelewa nani ni nani.

Njia niliyoitumia ni ile ya kumpa kila mtu namba inayotokana na namba ya mzazi wake. Mzee wa juu kabisa anayejulikana ni 1, watoto wake ni 1.1, 1.2 na kuendelea kwa mpangilio wa kuzaliwa, na watoto wa 1.2 ni 1.2.1, 1.2.2. Hiki hapa kipande chake, majina nikiwa nimeyabadilisha:

1 Saidi (me)
1.1 Mwanaisha (ke)
1.1.1 Bakari (me)
1.1.1.1 Salma (ke)
1.2 Athmani (me), wake: Khadija, Mwanahamisi
1.2.1 Zuhura (ke), mama Khadija
1.2.2 Omari (me), mama Mwanahamisi
1.3 Fatma (ke)
1.3.1 Rukia (ke)

Ukitaka kujua uhusiano wa watu wawili, tafuta sehemu ya mwanzo ya namba zao inayofanana, kwani hapo ndipo alipo mzee wao wa pamoja. Bakari na Zuhura wanakutana kwa 1, na kila mmoja yuko hatua mbili chini yake, kwa hiyo ni wajukuu wa mtu mmoja. Lakini namba peke yake haitoshi kwetu, kwani ni lazima uangalie jinsia ya wazazi waliowaunganisha: Mwanaisha ni dada wa Athmani, basi Bakari kwa Zuhura ni mtoto wa shangazi, na Zuhura kwa Bakari ni mtoto wa mjomba. Rukia naye kwa Bakari ni mtoto wa mama mdogo. Ndiyo maana alama ya me na ke isiachwe hata pale jina linapojieleza.

Salma ana tarakimu nne na Zuhura ana tatu, kwa hiyo Zuhura yuko kizazi cha baba yake Salma, na Salma atamwita shangazi. Umri hauhusiki. Athmani alioa akiwa mtu mzima, na katika nyumba zetu si ajabu shangazi kuwa mdogo kuliko mtoto wa kaka yake; anayepanga orodha kwa miaka ataharibu vizazi.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mama. Zuhura na Omari ni ndugu kwa baba tu, na katika mirathi ya Kiislamu ndugu wa kiume wa baba na mama humzuia ndugu wa kwa baba peke yake, kwa hiyo familia inayokwenda kwa Kadhi na orodha isiyotaja mama hukuta swali hili linawasubiri mlangoni. Unapowahoji wazee, uliza kwanza wake wa kila mzee, kisha watoto wa kila mke, wakiwemo waliofariki wakiwa wachanga. Ukianza na swali la jumla, "Watoto wa babu ni nani?", utatajiwa walio hai na wenye majina makubwa, na wengine watapotea.

Ikitokea baadaye mtoto wa mbele amegunduliwa, usizibadilishe namba zilizokwisha sambazwa. Mpe namba inayofuata, kisha andika pembeni kwamba yeye ndiye mkubwa.

Ndoa za binamu nazo zina utaratibu wake. Tuseme Omari amemwoa Rukia: mtoto wao ataandikwa mara moja tu, 1.2.2.1, na pembeni kuwekwe "kwa mama: 1.3.1". Ukimwandika mara mbili, msomaji atadhani ni watu wawili.

Kunyonya, kwa upande wake, hakuonekani kwenye namba yoyote, hivyo kunahitaji mstari wa peke yake mwishoni. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, kunyonya mara tano kamili kabla ya kutimia miaka miwili hufanya udugu. Kwa hiyo, kama Rukia alinyonyeshwa hivyo na Khadija akiwa mke wa Athmani, Omari asingeweza kumwoa, ijapokuwa mama yake Omari ni mke mwingine, kwa sababu Athmani angekuwa baba wa kunyonya wa Rukia. Wanaojua habari hizi kwa kawaida ni akina bibi, nao hawazitaji mpaka waulizwe.