Kabla ya sura ya chakula, soma sura ya udongo

"Nina ploti ya futi 50 kwa 100 huku Kisauni, na kisima changu mwenyewe. Nataka kuchimba kidimbwi cha samaki lakini sijui hata pa kuanzia. Nisome kitabu gani?"

Anza na A New Guide to Fish Farming in Kenya, cha mwaka 2007. Kinapatikana bure mtandaoni na kinazungumzia samaki tunaowafuga hapa, perege na kambare. Mimi nilikisoma vibaya. Nilikimbilia kurasa za chakula, zile za kuchagua mahali nikaziona porojo.

Nikachimba mita 6 kwa 10, kina mita moja, nikawasha pampu mpaka kikajaa. Kulipokucha maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Piga hesabu: sentimita 20 kwenye kidimbwi cha ukubwa huo ni lita 12,000, zimekwenda usiku mmoja tu, na usiku hakuna jua la kusingizia. Ukifukua kidogo kwangu unafika kwenye jiwe la matumbawe, nalo limejaa matundu.

Ndipo nikatafuta kitabu cha pili, Soil and Freshwater Fish Culture cha FAO. Kina michoro mingi, hata Kiingereza kikikushinda utafuata. Kipimo kilichonifaa ni hiki. Chimba shimo la kufika kiunoni, pale pale unapotaka kidimbwi. Asubuhi na mapema lijaze maji hadi juu. Jioni yatakuwa yamepungua, usishtuke, kwa sababu udongo mkavu hunywa kwanza. Lijaze tena, ulifunike kwa makuti, ukalale. Asubuhi ukikuta maji mengi bado yamo, udongo unashika maji. Langu nililijaza tena alasiri. Baada ya isha nikamulika tochi, nikaona mizizi na mawe matupu. Hapo dawa mojawapo ni kutandika karatasi nene ya plastiki ya vidimbwi, na bei yake uiulize kabla hujampa mchimbaji hata senti.

Jambo jingine: vitabu hivi vitakwambia umwage chokaa kwenye kidimbwi kipya. Chokaa ni ya kupunguza tindikali, na huko bara kuna udongo wenye tindikali nyingi. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe huja na chokaa yake. Tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako. Mimi niliinunua gunia zima, mwishowe nikapaka ukuta wa banda la kuku.

Na kisima usikipime wakati wa masika, maji yakiwa juu na matamu. Yaonje mwezi wa pili, kiangazi kimekolea. Yakiwa na chumvi kidogo, perege atavumilia kuliko kambare, kwa hiyo sura ya kambare unaweza kuiruka.