Hotuba ya kumuaga mstaafu: anzia kwenye maneno yake mwenyewe

Mtunza stoo wetu alipofikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma hapa Tanzania, niliombwa niseme machache kwa niaba ya wafanyakazi. Wasifu niliuacha kwa ofisa utumishi. Mimi niliwapitia wenzangu na swali moja: "Mzee aliwahi kukuambia nini ambacho hujakisahau?" Ukiuliza mtu ni wa namna gani, utajibiwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu, basi. Ukiuliza alisema nini, unampata mwenyewe.

Karibu wote walinipa jambo lile lile. Ukienda kuomba rimu ya karatasi, Mzee anashusha miwani, anakutazama, anauliza: "Ile ya juzi mmeila na chai?" Kisha anafungua leja na kukuonyesha sahihi yako.

Utani huo ukiuacha hapo, wajukuu wake watadhani babu alikuwa mchoyo. Kwa hiyo niliuunganisha papo hapo na maana yake: "Wakaguzi wamekuja na kuondoka, stoo ya Mzee haijapata hoja. Mzee, rimu ulizotunyima ndizo zilizotulinda." Ukumbi ulicheka, halafu ukapiga makofi. Nakushauri ushike mpangilio huo: kicheko kitangulie, tabia iliyozaa kicheko ifuate. Ukianza na sifa ukamalizia na kichekesho, watu wataondoka na kichekesho tu.

Visa vitatu vinatosha kwa dakika tano. Vingine viache, hata kama vinachekesha kuliko hivyo. Mimi niliacha usingizi wa kwenye vikao vya mchana na habari zote za mikopo. Kipimo changu ni viti vya mbele, wanapokaa mke, watoto na mara nyingine wakwe. Neno litakalomfanya mkwe ainamishe kichwa libaki ofisini. Aliyoyaandika kwenye kundi la wasapu usiyasome hadharani bila ruhusa yake. Aliwaandikia ninyi, hakuuandikia ukumbi.

Utani wa makabila nao una wenyewe. Mzee ni Mpare, na Wapare na Wachaga ni watani. Mimi si mtani wake, kwa hiyo nilimwachia Mchaga wetu wa uhasibu, akarusha lake akiwa amekaa, na Mzee akamjibu palepale. Maneno yale yale yangetoka kwangu kwenye kipaza sauti, yangekuwa tusi.

Kabla ya siku yenyewe nilimpigia simu mkewe nikamsomea yote. Kisa kimoja aliniomba nikitoe. Nilikitoa bila kuuliza sababu, nikaweka kingine.

Mwishoni niliacha utani kabisa. Nilimgeukia, nikamtaja kwa jina lake kamili, nikamshukuru kwa jambo moja aliloniwekea mimi: kunifundisha kuhesabu mzigo kabla sijatia sahihi. Nikamaliza hapo, ili zawadi ikabidhiwe kabla chakula hakijapoa.