Pesa ya mwenzangu wa kazini imeingia kwenye simu yangu

"Jana usiku nimepokea 150,000 kwa mobaili mani, jina ni la mwenzangu wa stoo hapa Jinja. Nadhani alikosea namba. Nimwambieje, na nirudishe vipi?"

Dada, kabla ya kumwambia, angalia salio kwenye menyu yenyewe, *165# kama ni MTN au *185# kama ni Airtel. Meseji peke yake si pesa; matapeli wanazitunga kila siku. Salio likiwa limepanda kweli, mpigie, usingoje mkutane kazini, maana huenda hajalala. Maneno machache yanatosha: "Kaka, ile laki na nusu ya jana imeingia kwangu. Ni yako, sijaigusa. Je, umeshapiga kastoma kea?"

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Akiwa ameshaomba muamala ubatilishwe, nawe ukamtumia kwa mkono wako, mtandao unaweza kuvuta tena 150,000 kutoka kwako, na sasa wewe ndiye utakayekuwa unadai. Kwa hiyo chagueni njia moja. Kama ameshaomba, iache pesa palepale mpaka itolewe. Kama hajaomba, itume kwenye namba ileile iliyotoka, hata akikupa nyingine, kisha mtunziane namba ya muamala.

Makato ya kutuma yatoke kwenye pesa yake, mkubaliane kwanza. Kumpelekea taslimu sikushauri: kuna ada ya kutoa, na juu yake kodi ya asilimia 0.5 ya pesa unayotoa, yaani shilingi 750 nyingine.