Manyoya meupe kwenye trei ya figili: ukungu au vinyweleo vya mizizi?

Sia figili kwenye trei, ifunike gizani, kisha ifunue siku ya tatu. Utakuta kila mzizi umevaa manyoya meupe, laini kama pamba iliyochambuliwa. Wengi wanaoanza kilimo cha maikrogrini, yaani miche michanga ya mboga inayokatwa na kuliwa, humwaga trei nzima papo hapo. Wengine wameshaambiwa kwamba manyoya hayo ni ya kawaida, basi huyaacha yote, na ukungu wa kweli nao hunufaika na msamaha huo mpaka nusu ya miche imelala. Wote wawili wameangalia rangi, na rangi haiwezi kukuamulia kitu, kwa sababu siku za mwanzo ukungu na vinyweleo vyote ni vyeupe. Angalia vimeota wapi, na vimekaaje.

Vinyweleo vya mizizi ni sehemu ya mmea wenyewe. Kila kinyweleo ni seli moja ya ngozi ya mzizi iliyorefuka kwenda nje ili kutafuta maji. Kwa hiyo huota kwenye mzizi tu, na huuzunguka pande zote kwa urefu unaokaribiana, kama brashi ya kusugulia chupa. Ncha kabisa ya mzizi huwa tupu, manyoya huanza nyuma yake kidogo. Ukiangalia trei nzima utaona kila mche una manyoya yake na jirani yake ana yake, karibu sawa trei yote. Figili, brokoli, kabichi, haradali na sukuma wiki ndizo zinazoyaonyesha sana, hasa mbegu ikiwa imelala juu ya udongo na mzizi bado uko hewani haujazama.

Ukungu haujali mzizi uko wapi. Ni nyuzi zinazotambaa, kama utando wa buibui, na hutoka kwenye ganda la mbegu kwenda kwenye udongo, kutoka shina hili kwenda lile, zikaunganisha vitu ambavyo mmea wenyewe haukuviunganisha. Mara nyingi huanza mahali pamoja, penye mbegu nyingi zaidi au mbegu iliyokufa, kisha hupanuka. Baada ya siku moja au mbili huweza kugeuka kijivu, au ukaona vichwa vidogo vyeusi juu ya nyuzi. Ukiona utando umevuka kutoka ganda moja hadi jingine bila mzizi wowote kati yao, huo ni ukungu.

Usipoamini macho, chukua chupa ya kunyunyizia maji na upulize kidogo tu, vitone laini, si mkondo. Vinyweleo huloa, hujilaza juu ya mzizi na manyoya hupotea mbele yako. Mzizi hubaki uzi mweupe unaong'aa. Unyevu ukipungua huonekana tena. Ukungu ukipulizwa kidogo hubaki na utando wake, na mara nyingi utaona vitone vya maji vimening'inia juu ya nyuzi. Nasisitiza iwe kidogo tu, kwa sababu ukimwagia maji mengi hata ukungu utalala, na utajidanganya kwamba umeondoka. Kama bado una shaka, iache trei mpaka kesho mahali penye hewa. Vinyweleo vitabaki kwenye mizizi yake. Ukungu utakuwa umesogea.

Harufu nayo inasema, ila usiingize pua ndani ya trei yenye ukungu; punga hewa kwa mkono ije kwako. Trei ya figili yenye afya hunukia figili na udongo uliolowa. Harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu ni ya ukungu. Harufu ya uozo, pamoja na utelezi kwenye mashina, ni bakteria wanaoozesha, na hapo hata kujadili manyoya ni kupoteza muda.

Nikupe mfano wa trei mbili za jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam, alizozisia wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji. Moja ilikuwa ya figili, nyingine ya alizeti, kila moja ya inchi 10 kwa 20, juu ya kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi unaotumika badala ya udongo. Alinitumia picha na maneno mafupi: "Shikamoo mama, zote zimeoza, nimwage?"

Nilimjibu asimwage, anyunyizie kwanza. Figili ilipopulizwa manyoya yalipotea karibu trei yote, isipokuwa katikati, kwenye duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa. Pale utando ulibaki. Nikamuuliza alitumia mbegu kiasi gani. Gramu 60 hivi. Mimi trei ya ukubwa huo naitosheleza kwa gramu 30 za figili. Alipozidisha maradufu, mbegu zilipandana, za chini zikakosa hewa na nyingine zikafa bila kuchipua. Ukungu ulipata chakula na mahali pa kujificha. Kwa hiyo trei ile ilikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo picha nyingi za kulinganisha hazikuonyeshi.

Ya alizeti ilikuwa rahisi zaidi kuamua. Maganda meusi yalikuwa yamefunikwa nyuzi za kijivu, zimetoka ganda hadi ganda, na baadhi ya mashina yalikuwa yamebonyea na kulainika pale yanapogusa udongo, miche imelala chini. Shina likishabonyea shingoni hivyo, mche haurudi. Alizeti ina kasoro hii ya asili: ganda ni gumu, linashika maji, na hubaki limevishwa kwenye majani kwa siku kadhaa. Ile tuliimwaga yote, na trei ikaoshwa kwa sabuni, ikasuuzwa kwa maji yenye jiki kidogo, ikaanikwa juani.

Je, ile ya figili? Hapa watu wanatofautiana. Wapo wanaonyunyizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye duara lenye ukungu na kuendelea. Ni kweli hulaza nyuzi za juu, na kama unajifunza tu ni vizuri kuona miche inavyoendelea. Lakini nyuzi zinazoonekana si ukungu wote, na kuua unaouona hakuifanyi sehemu ile kuwa chakula. Msimamo wangu ni huu: trei ya kuuza ikionekana na ukungu kwenye mashina au katikati ya miche, haiendi sokoni, hata kipande. Jirani yangu hakuwa anauza. Alichimbua duara lile pamoja na miche ya pembeni mwake upana wa vidole vinne, akawasha feni, akaacha kumwagilia juu na kuanza kumwaga maji kwenye trei ya chini isiyo na matundu ili mizizi ivute yenyewe. Ukungu haukurudi. Kama ungerudi, ningemwambia amwage.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lililo zito kuliko la manyoya: "Sasa kama ni vinyweleo tu, ni salama kula?"

Manyoya yale ni salama, ndiyo. Lakini kujua kwamba si ukungu hakukwambii kwamba trei ni salama. Wadudu wanaolaza watu hospitalini kwa sababu ya mbegu zilizochipua ni bakteria kama salmonela, listeria na aina fulani za ikolai, nao hawana manyoya, hawana harufu, hawabadilishi rangi ya jani. Kwa kawaida huja na mbegu yenyewe, wamejificha kwenye nyufa za ganda, kisha joto na unyevu ule ule unaochipusha mbegu huwazalisha nao. Mwaka 1996 katika mji wa Sakai, Japani, maelfu ya watoto wa shule waliugua kwa ikolai, na uchunguzi ukaelekeza kwenye machipukizi ya figili. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko uliohusishwa na machipukizi ya uwatu: zaidi ya watu 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki. Machipukizi hayo yangepita mtihani wako wa chupa ya maji bila tatizo.

Tofautisha basi unachokula. Choroko au uwatu uliochipushwa kwenye chupa huliwa wote: mbegu, ganda, mzizi, pamoja na maji yaliyoushika. Maikrogrini hukatwa juu ya udongo, mbegu na mizizi hubaki kwenye trei, na hukua kwenye mwanga na hewa inayopita. Hatari hupungua, haiishi. Kata sentimita moja au mbili juu ya kokopiti, kwa kisu au mkasi uliooshwa, miche ikiwa mikavu, na utupe ile iliyolala. Kisha iweke kwenye friji mapema. Majani mabichi yaliyokaa mezani mchana kutwa katika joto la Dar hayana cha kukulinda.

Kwa mbegu, kuna njia ya nyumbani inayopendekezwa: pasha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mpaka nyuzi joto 60, tumbukiza mbegu zikiwa kwenye kichujio kidogo kwa dakika 5 huku ukizikoroga, kisha suuza kwa maji ya bomba kwa dakika moja na uondoe zinazoelea pamoja na takataka. Unahitaji kipimajoto, usikisie kwa kidole: ikipoa chini ya hapo haifanyi kazi, ikizidi sana mbegu zinakufa. Peroksaidi hiyo itupe baada ya kuitumia. Hupunguza bakteria na ukungu wa juu ya ganda, ila haiwafikii wote walio ndani ya nyufa. Ndiyo maana mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka hapaswi kula machipukizi mabichi hata yakiwa mazuri namna gani. Wao wapikiwe mpaka yatoe mvuke kote. Choroko zilizochipua ni tamu kwenye nazi, hakuna anayeonewa hapo.

Jambo la mwisho linahusu duka la pembejeo. Ukikuta mbegu zenye rangi isiyo ya asili, ya waridi, bluu au kijani, zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu kwa ajili ya kupandwa shambani. Trei yake inaweza kuwa safi kuliko zote ulizowahi kusia, manyoya ya mizizi yamejipanga vizuri, ukungu hakuna hata alama. Hiyo usiile, wala usimpe kuku. Uliza mbegu ambazo hazijatiwa dawa na usome lebo mwenyewe kabla ya kulipa, maana muuzaji amezoea wateja wa shamba, na kwao dawa ile ni sifa ya mbegu.