"Nzuri" kwanza, "ila" baadaye

Swali: Natoka Tanga, ninatunza wazee huku Marekani. Wenzangu kazini husema "hau a yu" huku wanapita. Juzi nilianza kumweleza mmoja kwamba mama amelazwa, nikaona ameshafika mwisho wa korido. Ni dharau?

Jibu: Si dharau, ingawa najua kwa nini imekuuma. Kwetu salamu humsimamisha mtu. Ukianza na habari za asubuhi utafika za nyumbani, za watoto, za kazi. Anayezirusha huku anatembea ndiye asiye na adabu. "Hau a yu" ya korido haina mlolongo huo. Maana yake ni "nimekuona", basi. Hata anayeamkia "shikamoo" hashiki miguu ya mtu. Malinowski, mtafiti wa Kipolandi wa mila za watu aliyeishi na wenyeji wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki, aliandika mwaka 1923 kwamba maneno ya aina hii kazi yake ni kuunganisha watu, si kupashana habari.

Nasi tusijifanye kwamba twauliza kweli. "Hujambo" ndani yake ni "huna jambo", na mtu hujibu "sijambo" akiwa na homa ya siku tatu. "Nzuri" nayo inafuata ngeli ya neno "habari", haimhusu msemaji. Ndiyo maana mgeni anayejifunza Kiswahili akijibu "mimi ni mzuri" watu hucheka: kajisifu sura.

Tunapoachana na Wamarekani ni pale pa kuiweka habari mbaya. Sikia mazungumzo haya, ya kawaida kabisa:

– Habari za nyumbani?
– Nzuri.
– Watoto hawajambo?
– Hawajambo. Ila bibi yao tumemzika jana.

Mgeni hudhani hakusikia vizuri, au kwamba mwenyeji ni mwongo. Wala. Ile "nzuri" ilikuwa ya kupokea salamu. Habari yenyewe hukaa baada ya "ila", na aliyeuliza anajua kuisubiri. Wewe uliisema ya kwako mahali ambapo "ila" haina nafasi. Mwenzako hakukukatiza; salamu yake ilikwisha kabla hujafungua mdomo.

Je, utajuaje kwamba Mmarekani anauliza kweli? Tazama miguu yake: amesimama. Au ulishajibu "fain", naye anauliza tena, safari hii akilikazia neno la katikati. Kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na "unaendeleaje?", hasa kwa mtu ambaye shida yake inajulikana tayari.

Kesho jibu "fain", kisha mwite kwa jina na umwombe dakika mbili. Hapo atasimama.

Na mama, anaendeleaje?