Tangazo la tisheti za kuprinti: andika siku zinaanza kuhesabiwa lini

"Wakuu, natangaza tisheti za oda, nimeweka picha na bei tu ila wateja wanauliza maswali yaleyale na kwenye tarehe ya kuchukua tunagombana. Niandike nini?"

Mkuu, ugomvi wa tarehe unakuja kwa sababu mteja anahesabu toka siku aliyokutumia meseji, wewe unahesabu toka siku dizaini ilipokubaliwa. Mimi kwenye tangazo naandika hivi: "Siku 3 za kazi, zinaanza kesho yake baada ya kuikubali dizaini kwa maandishi na kulipa advansi. Jumapili haihesabiwi, Jumamosi pia." Chukulia familia ina mkutano wa ukoo Jumamosi, wanataka tisheti 30 nyeusi zenye picha ya babu. Wakikubali Jumanne, tunafanya Jumatano, Alhamisi, Ijumaa jioni wanachukua. Wakikubali Jumatano ni Jumatatu, shughuli ishapita, kwa hiyo mapema kabisa nawaambia mwisho ni Jumanne.

Oda hiyohiyo ndo inakuonyesha kwa nini aina ya printi na kitambaa viandikwe pamoja. Sablimesheni haifai hapo, wino wake hauna rangi nyeupe na unashika poliesta, kwenye pamba nyeusi hutaona kitu. Skrini kila rangi inataka fremu yake, ni nzuri kwa logo ya rangi moja au mbili na pisi nyingi, kwa picha ya mtu gharama inapanda bure. Basi inabaki DTF, ile ya kuprinti kwenye filamu kisha kuibandika kwa joto, naandika "DTF, pamba 100%, gramu 180, fua ukiwa umeigeuza, usipige pasi juu ya picha". Na hiyo pamba 100% usiamini lebo tu, chomoa uzi uchome, pamba inabaki majivu laini, poliesta inayeyuka inaganda kidonge kigumu.

Saizi usiweke S, M, L peke yake maana L ya mzigo huu sio L ya mzigo ule. Laza tisheti mezani, pima kwapa hadi kwapa, andika sentimita, mteja alinganishe na yake ya nyumbani.

Dizaini sasa. Waambie picha waitume WhatsApp kama Document, ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na uso unatoka na ukungu. Kwa printi ya upana wa sm 28 nataka angalau pikseli 1650 kwa upana. Halafu namtumia picha ya tisheti ikiwa na dizaini, nimeandika upana, umbali toka kolani, rangi ya tisheti na idadi ya kila saizi, na majina nayachapa tena kwenye meseji ayasome herufi kwa herufi. Emoji ya dole siipokei, kwenye familia anaweza kuibonyeza yeyote, nataka mtu mmoja aandike "nimekubali, printi". Akibadilisha kitu baada ya hapo siku zinaanza upya, na hilo pia liwe kwenye tangazo.