Tangazo la chumba cha wageni Jambiani, Zanzibar

"Nikiandika kwamba bahari inakupwa, si wageni watakimbia?"

Hawakimbii dada, anayekasirika ni yule anayefika akakuta mchanga mtupu wakati picha zote ulipiga maji yamejaa, mimi nilipewa nyota 3 kwa hilohilo. Weka picha mbili za sehemu ileile, moja maji yamejaa moja yamekupwa, halafu andika: "Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, maji yakitoka huogelei kwa masaa kadhaa ila unatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani." Wapo wanaosema habari hiyo iweke kwenye sheria za nyumba, sawa, ila wageni wengi hawasomi mpaka huko, ianze mistari ya mwanzo ya tangazo. Na kama huna jenereta usiandike umeme saa 24.